Adapta ya bei chee haikudanganyi, we ndo unaisoma vibaya: dhana potofu za mita ya umeme na Modbus

Naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu meseji ile ile. Mtu kafunga mita ndogo ya reli kwenye boksi lake la umeme, ile ya fezi moja yenye terminali za A na B, kachukua adapta ya USB kwenda RS-485 ya bei ya kutupwa, kaandika kiprogramu chake cha kuisoma kwa Modbus, ile lugha ya maswali na majibu ambayo mita hizi zinatumia, halafu anakuja na picha ya skrini: "Fundi, volti inasoma 17254, hii adapta feki, ninunue ile ya bei kubwa?"

Dhana: namba za ajabu zinaletwa na adapta ya bei rahisi

Hapana. Tena hapana kabisa, na hii ndo inayoniudhi kuliko zote maana inawafanya watu wanunue adapta mbili tatu na namba inabaki ile ile 17254.

Adapta haijui Modbus ni nini. Haijui volti, haijui rejista, vile visanduku vya namba ndani ya mita, haijui hata kama upande wa pili kuna mita. Kazi yake ni kuchukua biti zinazotoka kwenye kompyuta na kuzigeuza ziwe tofauti ya volti kati ya waya A na B, na kurudisha zinazotoka kwa mita, basi. Ikiharibu biti hata moja njiani, kuna baiti mbili za ukaguzi, zinaitwa CRC, mwishoni mwa kila ujumbe wa Modbus ambazo laibrari inazikagua kabla haijakupa chochote, na ujumbe uliochafuka unatupwa. Uwezekano wa takataka tupu kupita kwenye CRC kwa bahati ni kama mara 1 kati ya 65536. Kwa hiyo adapta mbovu inakupa kimya, au malalamiko ya CRC, au majibu yanayokuja na kupotea. Haikupi 17254 safi, inayorudi kila sekunde bila kosa. Ukiona namba ya ajabu lakini imetulia, jua mawasiliano yako ni mazima na tatizo liko kwenye kuelewa ulichopewa.

Sasa tuichukue hiyo 17254 yenyewe. Chukulia mita ya aina ya SDM120, zimejaa kila mahali. Unaiuliza volti hivi:

```
01 04 00 00 00 02 71 CB
```

Yaani mita namba 1, fanksheni 04, anza rejista 0, nipe rejista 2, na mwisho CRC. Inajibu:

```
01 04 04 43 66 33 34 1B 38
```

Baiti nne za katikati, 43 66 33 34, ndo volti. Rejista ya Modbus ni biti 16 tu, na mita hii inatuma kila kipimo kama namba ya desimali ya biti 32, ile floti ya IEEE 754, kwa hiyo kipimo kimoja kinakaa kwenye rejista mbili. Ukizichukua zote nne pamoja kama floti unapata 230.2. Ukizisoma kama namba nzima mbili unapata 17254 na 13108, watu wanaitupa ya pili kwa kuwa "haieleweki" na wanabaki na ya kwanza.

Halafu inakuja hatua inayonifanya nishike kichwa. Mtu anapima soketi kwa malitimita, anaona 230, anachukua kikokotoo, 17254 gawa kwa 75 ni 230.05, anashangilia, anaandika `/75` kwenye programu na kulala usingizi mzuri. Na kweli siku hiyo inaonekana iko sawa!

Ila volti ikipanda hadi 240, rejista ya kwanza inakuwa 17264. Gawa kwa 75, unapata 230.19. Umeme umepanda volti 10 nzima na programu yako imesogea kidogo tu, ndo mtu anakuja kuniambia umeme wao "umetulia sana". Akipeleka ujanja ule ule kwenye wati ndo vichekesho: hita ya wati 750 rejista ya kwanza inatoa 17467, yenyewe ikigawanywa ni 232.9, na ukiwasha mzigo wa wati 1500 inatoa 17595, yaani 234.6. Mzigo umeongezeka maradufu na rejista imepanda 128 tu. Sababu ni kwamba kwenye floti nusu ya biti za ile rejista ya kwanza zinabeba kipeo, na kuzidisha thamani kwa mbili kunaongeza kipeo kwa moja, ambayo kwenye rejista hiyo ni hatua ya 128. Hakuna kigawanyo duniani kitakachonyoosha hilo, acha kutafuta.

Mimi kwa watu wa Python nawaambia watumie hii na waache kukokotoa kwa mkono:

```python
import minimalmodbus
m = minimalmodbus.Instrument('/dev/ttyUSB0', 1)
m.serial.baudrate = 2400
m.serial.timeout = 0.5
print(m.read_float(0, functioncode=4))
```

Kuna mita nyingine zinapanga rejista mbili kinyume, ya chini kwanza. Ukisoma ile volti yetu kwa mpangilio uliogeuka unapata kitu kama 0.000000042, ambacho skrini nyingi zinaandika 0.0, na mtu anasema mita haipimi. Ukiona sifuri mahali ambapo taa zinawaka, chapisha baiti zenyewe kwa heksa kwanza. Zikiwa 00 00 00 00 hiyo ni sifuri ya kweli, zikiwa na kitu ni mpangilio tu, badilisha.

Na kuna mita zisizotumia floti kabisa, zinatuma namba nzima kama 2302 ukagawe kwa 10, huko kigawanyo ni halali kwa sababu manuali imekiandika. Kiandikwe kwenye manuali, sio kibuniwe na malitimita.

Haya, nisionekane naitetea sana. Adapta za bei chee zina maradhi yake. Baadhi zinakurudishia ujumbe wako mwenyewe kabla ya jibu la mita, na nyingine haziwekei laini hali ya kupumzika, kwa hiyo inapokuwa kimya inaelea na baiti ya 00 inajipenyeza mbele ya jibu. Lakini yote mawili yanaonekana kama makosa ya wazi, laibrari inapiga kelele. Sio kama volti 17254.

Dhana: mita imekataa, kwa hiyo waya ni mbovu

Manuali inasema volti iko 30001, mtu anaandika 30001 kwenye programu, mita inarudisha kosa namba 02, anaanza kufungua skrubu na kubadilisha waya. Ndugu yangu, mita ikikujibu "sina anwani hiyo" imekusikia vizuri, imekagua CRC yako, imekuelewa, na jibu lake limekufikia. Hiyo ni habari njema kabisa, waya usiguse!

Ile 3 ya mwanzo sio sehemu ya anwani, inakwambia utumie fanksheni 04, na kama ingekuwa 4 ungetumia 03. Toa 30001 kwenye namba ya manuali unapata anwani ya kweli: volti 30001 ni 0, wati 30013 ni 12, na jumla ya uniti 30343 ni 342. Angalia tu kama programu yako inajitolea 1 yenyewe, zipo zinazofanya hivyo, na hapo ukiwa umepishana kwa moja unasoma nusu ya pili ya kipimo kimoja na nusu ya kwanza ya kinachofuata. Au mita inakataa. Vyovyote vile sio waya.

Kinachotakiwa kukupeleka kwenye waya ni kimya kitupu. Na hata hapo kabla ya bisibisi angalia spidi, pariti na namba ya mita, maana SDM120 inatoka kiwandani ikiwa 2400, bila pariti, namba 1, na watu wanaweka 9600 kwa mazoea.

Halafu taimauti. minimalmodbus ikiachwa bila kuguswa inasubiri sekunde 0.05. Kwa spidi ya 2400 lile jibu la baiti 9 peke yake linachukua kama milisekunde 38 kupita kwenye waya, ongeza ombi lako na muda mita inaofikiria, unakata simu mtu akiwa bado anaongea. Ndo maana kwenye kodi hapo juu nimeweka 0.5.

Dhana: A inaenda A, B inaenda B, ukikosea unaunguza

Watengenezaji hawakubaliani ipi ni A na ipi ni B. Ukiwa umehakikisha mipangilio na bado kimya, geuza waya mbili ujaribu tena, haiungui kitu. Kinachounguza ni kuchomeka waya hizo kwenye terminali ya umeme mkubwa, ambayo kwenye mita ndogo iko sentimita chache tu pembeni, kwa hiyo zima swichi kuu kabla hujafungua kifuniko, na kama una hela ya kuongeza kwenye adapta usiongeze kwa ajili ya "namba sahihi", ongeza upate iliyotenganishwa kiumeme na kompyuta yako. Hiyo ndo sababu pekee ninayoikubali ya kununua ya bei.

Dhana: lazima uweke rezista ya omu 120

Kwa waya wenye urefu wa mita mbili na spidi ya 2400? Wala. Rezista ni ya laini ndefu au spidi kubwa, na inakaa kwenye ncha mbili za laini. Adapta nyingi za bei chee tayari zimechomelewa moja ndani, ukiongeza na zako mbili tatu unaizamisha laini mpaka mita inashindwa kusikika. Zima kila kitu, chomoa waya, pima kati ya A na B za adapta kwa malitimita, ikisoma karibu na 120 ujue ipo.

Dhana: naweza kusoma hivi ile mita ya kampuni ya umeme

Usiifungue. Ina muhuri, sio yako, na nyingi hazina Modbus, zina tundu la mwanga la mafundi wao na lugha tofauti kabisa. Hii yote niliyoandika ni ya mita yako ya pili, inayofungwa baada ya swichi yako kuu.