Kuamsha hamu ya msomaji bila kumtegea chambo

“Hivi Facebook wana orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku, kama ‘Hutaamini’? Na nikisema kila kitu kwenye kichwa cha habari, nani atabofya?”

Wengi huamini kwamba ukilikwepa neno fulani umepona. Maneno yanazingatiwa kweli: mwaka 2016 Facebook ilieleza kwamba mfumo wake umejifunza misemo inayojirudia kwenye vichwa vya chambo, yaani vinavyomvuta mtu abofye kwa hila, na kuadimika kwingine. Lakini tangu Agosti 2014 ilishatangaza kwamba inatazama pia anachofanya msomaji baada ya kubofya: anakaa huko muda gani, na je, waliobofya wanatoa laiki, wanaandika maoni au wanashea?

Ni kama duka ambalo watu wanamiminika mlangoni kwa sababu ya bango, kisha wanatoka mikono mitupu. Anayehesabu wanaoingia tu atasema biashara imechangamka. Anayewatazama wakitoka atajua bango limewadanganya. Ndiyo maana kubadilisha “Hutaamini” kuwa “Utashangaa” hakusaidii kitu ikiwa habari yenyewe haina uzito.

Mei 2017 Facebook ilianza kupima makosa mawili ya vichwa vya habari, kila moja peke yake: kuficha habari na kutia chumvi. Chukua mfano wa mwani wa Zanzibar. “Hutaamini kilichowakuta wanawake hawa baharini!” kinaficha nani, wapi na nini. “Mwani waangamia Zanzibar yote!” kinataja jambo, ila si kweli: aina ya kotonii ndiyo iliyoathirika zaidi, na spinosamu bado inalimwa.

Sasa soma hiki: “Kwa nini wakulima wa mwani Zanzibar wanahamia maji ya kina, ilhali wengi hawajui kuogelea?” Hapa umeshajua ni akina nani na wanafanya nini. Kilichobaki ni sababu, na hiyo ndiyo inayokuvuta. Mwanasaikolojia George Loewenstein aliandika mwaka 1994 kwamba udadisi huzuka mtu anapoona pengo katika jambo ambalo tayari analijua kidogo. Asiyejua chochote haoni pengo lolote.

Swali la kichwa cha habari ni deni; lilipe mapema, aya ya kwanza au ya pili: maji ya kina kifupi yanapata joto kupita kiasi, kotonii inaugua na kukatika, na kwenye kina maji ni ya baridi zaidi. Kisha endelea na gharama za boti na mafunzo ya kuogelea, maana huko ndiko msomaji atakaa.

Mwishoni mwa posti usiandike “Weka laiki kama unawapenda mama zetu” wala “Tagi marafiki watano”. Desemba 2017 Facebook ilitangaza kuzishusha posti zinazoomba kura, laiki, kushea, kutagi au maoni kwa mtindo huo. Kumtangaza mtoto aliyepotea, kuchangisha fedha au kuomba ushauri hakumo katika zinazoshushwa. Ukimuuliza mkulima wa Paje au Jambiani kamba zake za mwani amezihamishia kina gani, hilo ni swali halali, kwa sababu jibu lake unalihitaji.