Kwa nini "anasomesha" inakula tokeni nyingi kuliko "anasoma"

Ukiipa modeli ya lugha ujumbe wa Kiswahili, haisomi maneno wala herufi. Kwanza programu ndogo, tokenaiza, huukata ujumbe vipande vipande, na kila kipande, yaani tokeni, hupewa namba. Modeli huziona namba hizo tu, na bili huhesabiwa kwa idadi yake. Nafanya kazi na mifumo hii, na wateja huniuliza mara kwa mara kwa nini maudhui yaleyale yanakuwa ghali zaidi yakiandikwa kwa Kiswahili. Wengi wameshasikia kwamba ni kwa sababu ya viambishi. Si uongo, ila ni nusu ya jibu.

Tokenaiza nyingi hutumia mbinu ya BPE, ambayo Philip Gage aliichapisha mwaka 1994 kwa ajili ya kubana data. Mbinu hii haijui sarufi hata chembe. Huanza na herufi mojamoja, hutafuta jozi inayotokea mara nyingi zaidi katika matini ya mafunzo, huiunganisha kuwa kipande kimoja, kisha hurudia hivyo hivyo mpaka msamiati ufikie ukubwa uliopangwa.

Tuifanye kwa mkono. Matini yetu ina maneno manne tu: anasoma, wanasoma, ninasoma, alisoma. Jozi s-o, o-m na m-a zimefungana, kila moja mara 4, kwa hiyo tuanze na ya kwanza. Tunapata "so", kisha "som", kisha "soma". Inafuata n-a yenye mara 3, tunapata "na", halafu "nasoma", na mwisho "anasoma". Tuishie hapo.

Sasa "anasoma" ni tokeni 1, na "wanasoma" ni 2: w na anasoma. Mwanasarufi angekata wa-na-som-a, lakini BPE inafuata hesabu.

Ingiza "anasomesha", neno ambalo matini haikuwa nalo. Kipande "soma" hakifai tena, kwa sababu baada ya "som" inakuja e. Tunabaki na a, na, som, e, s, h, a: tokeni 7. "Hawakusomeshwa" inakatika vipande 12. Hapo ndipo mwisho wa neno unapotugharimu. Asome, hasomi, someni, somea, someka: kila irabu au kiambishi kikibadilika, kipande kikubwa tulichokijenga kinavunjika. Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza kina maumbo manne au matano, yote yanaingia kwenye msamiati bila shida. Chetu kina maumbo mengi mno, na mengi hutokea kwa nadra, kwa hiyo hayafikii idadi ya kupata kipande chake.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Katika tokenaiza nyingi, nafasi iliyo kabla ya neno huwa sehemu ya tokeni yake. " soma" yenye nafasi mbele na "soma" isiyo nayo ni tokeni mbili tofauti. Mzizi wetu hukaa katikati ya neno, nyuma ya viambishi, kwa hiyo ile yenye nafasi haiwezi kutumika ndani ya "anasoma".

Nusu ya pili ya jibu ni matini ya mafunzo, na kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi. Jozi hushinda kwa wingi, na matini hizo kwa kawaida zimejaa Kiingereza. Fundisha BPE hiyohiyo kwa Kiswahili kitupu, na pengo litapungua sana, viambishi vikiwa vilevile. Na sisi tuna nafuu ya herufi za Kilatini: tokenaiza nyingi kwa kweli huanzia kwenye baiti, si herufi, na katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, kila herufi ya Kiamhari huchukua baiti 3, yetu 1.

Ukitaka kupima, usihesabu tokeni kwa kila neno. Kipimo hicho kinatuonea, maana "hawakusomeshwa" ni sentensi nzima ndani ya neno moja. Chukua aya ileile katika lugha mbili, hesabu tokeni zote, ugawanye za Kiswahili kwa za lugha ya pili. Kisha tazama neno linavyokatwa, kwa kutumia tiktoken, maktaba ya Python yenye tokenaiza kadhaa:

```python
import tiktoken
enc = tiktoken.get_encoding("o200k_base")
t = enc.encode(" hawakusomeshwa")
print(len(t), [enc.decode([i]) for i in t])
```

Badilisha `o200k_base` iwe `gpt2` uone tofauti. Ya zamani ina msamiati wa tokeni 50,257, mpya ina takriban 200,000.

Uwiano ukitoka 1.5, bili ya ujumbe ni mara moja na nusu, majibu yanachelewa kwa kiasi kama hicho kwa sababu modeli hutoa tokeni mojamoja, na hati inayoingia kwenye dirisha la modeli, yaani tokeni inazoweza kusoma kwa mara moja, ni fupi kwa theluthi. Kubadili tokenaiza peke yake hakusaidii: kila namba imefungwa na vekta, yaani orodha ya namba ambayo modeli ilijifunza, kwa hiyo ukiongeza vipande vya Kiswahili lazima uendelee kuifundisha modeli yenyewe. Kwa huduma unayolipia tu, njia hiyo haipo. Unachoweza ni kupima modeli mbili tatu kwa matini yako halisi kabla ya kulinganisha bei, kwa sababu bei ya tokeni milioni moja haikwambii ni Kiswahili kiasi gani kimo ndani yake.