Kuunganisha maghala manne hakupunguzi mzigo kwa nusu

Nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mkuu wa fedha ambaye tayari alikuwa ameshaiingiza kwenye bajeti: "Tunatoka maghala manne kwenda ghala moja. Kipeuo cha pili cha nne ni mbili. Kwa hiyo mzigo unapungua kwa nusu." Anatumia kanuni ya kipeuo cha pili: ukiunganisha maghala, akiba inagawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya maghala hayo. Kipeuo amekipata sawasawa. Tatizo ni hilo neno "mzigo".

Dhana: kanuni ya kipeuo cha pili inapunguza mzigo wote uliopo ghalani.

Mzigo ulio ghalani una sehemu mbili. Kuna akiba ya mzunguko, yaani ile inayoingia kwa oda na kuisha taratibu hadi oda nyingine ifike. Halafu kuna akiba ya usalama, ambayo kazi yake ni kukulinda mauzo yanapozidi matarajio wakati bado unasubiri mzigo. Kanuni inahusu hii ya pili, kwa sababu ndiyo inayotokana na kuyumba kwa mauzo. Wiki ambayo ghala la kaskazini limeuza zaidi kuliko ilivyotarajiwa, la kusini huenda limeuza pungufu. Ukiwa na rundo moja, ziada ya huku inafidia pungufu la kule. Ndiyo maana michepuko ya maghala, yaani kipimo cha jinsi mauzo ya kila moja yanavyoyumba kuzunguka wastani wake, haijumlishwi hivi hivi: unajumlisha miraba yake, kisha unatafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo.

Tuchukue bidhaa moja inayouza jumla ya vipande 1,000 kwa wiki katika maghala manne. Mchepuko wa mauzo ya wiki ni 80 kwa ghala kubwa, 40 na 40 kwa yale ya kati, na 20 kwa dogo. Mzigo huchukua wiki 4 kufika, na tunataka asilimia 95 ya nyakati za kusubiri zipite bila kuishiwa, kwa hiyo kizidisho ni 1.65. Kila ghala huagiza mahitaji ya wiki 4 kwa mpigo.

Maghala yakiwa mbalimbali, jumla ya michepuko ni 180. Zidisha kwa 1.65, kisha kwa kipeuo cha pili cha zile wiki 4 za kusubiri, unapata akiba ya usalama ya vipande 594. Akiba ya mzunguko kwa wastani ni nusu ya oda, yaani 2,000. Jumla 2,594. Sasa unganisha. Jumla ya miraba ya 80, 40, 40 na 20 ni 10,000, na kipeuo chake ni 100. Akiba ya usalama inashuka hadi 330. Akiba ya mzunguko inabaki 2,000, kwa kuwa bado unaagiza ya wiki 4. Jumla mpya ni 2,330.

Upungufu ni asilimia 10. Mkuu wa fedha alikuwa ameandika 50.

Kuna wanaonijibu kwamba hata akiba ya mzunguko hufuata kipeuo. Ni kweli, kama kiasi cha oda unakipata kwa fomula ya oda ya kiuchumi, ile inayosawazisha gharama ya kuagiza na gharama ya kutunza mzigo, na kama gharama ya kuagiza iliyolipwa mara nne sasa italipwa mara moja. Lakini wengi ninaowakuta wanaagiza kontena zima, au kiwango cha chini cha muuzaji, au "ya mwezi". Ukiagiza ya mwezi, kuunganisha hakukupunguzii hata kipande kimoja cha akiba ya mzunguko.

Dhana: angalau akiba ya usalama itapungua kwa nusu.

Angalia tena mfano: 594 imekuwa 330, upungufu wa asilimia 44. Nusu hupatikana maghala yakiwa na mchepuko sawa. Kadiri ghala moja linavyoyazidi mengine, ndivyo faida inavyopungua, maana hayo madogo hayana uzito wa kufidia kuyumba kwa hilo kubwa.

Hilo ni dogo. Kinachoumiza ni mauzo yanayopanda na kushuka pamoja. Kanuni inadhani kila eneo linayumba kivyake. Ukitangaza punguzo la bei maeneo yote wiki moja, hakuna wa kumfidia mwenzake. Kipimo chake ni uhusiano: 0 maana yake kila ghala linayumba kivyake, 1 maana yake yanapanda na kushuka pamoja kabisa. Katika mfano wetu, uhusiano kati ya kila maghala mawili ukiwa 0.5, mchepuko wa pamoja unakuwa takribani 146 badala ya 100. Akiba ya usalama inakuwa kama 480, na mzigo wote unapungua kwa asilimia 4 tu. Uhusiano ukifika 1, hupunguzi chochote.

Watu husikia hapa kisha hukimbilia jedwali la uhusiano wa kila jozi ya maghala. Acheni. Fungua lahajedwali, weka makosa ya makadirio ya kila ghala (mauzo halisi kutoa makadirio) wiki kwa wiki kwa mwaka mzima, halafu ongeza safu moja inayoyajumlisha kwa kila wiki. Akiba ya ghala kuu ni hii:

```
=1.65*SQRT(4)*STDEV.S(F2:F53)
```

Safu F ndiyo hiyo ya jumla, na uhusiano umo ndani yake tayari. Nasisitiza makosa ya makadirio, si mauzo ghafi. Msimu unaojulikana hupandisha mauzo ya kila eneo kwa pamoja, lakini kama makadirio yako yameuona, si kuyumba tena.

Safisha takwimu kwanza. Wiki ambayo ghala liliishiwa huonyesha mauzo sifuri wakati wateja walikuwepo. Na mzigo uliohamishwa kutoka ghala moja kwenda jingine mara nyingi hurekodiwa kama mauzo ya ghala lililotoa. Matokeo yake, mwombaji anaonekana kauza kidogo na mtoaji kauza sana, na unaamini maeneo yanafidiana kumbe yalikuwa yanaazimana.

Dhana: lazima uhamishe mzigo wote kwenye jengo moja.

Hapana. Maghala yakionana kwenye mfumo mmoja na kuhamishiana mzigo haraka kuliko muuzaji anavyoleta, sehemu kubwa ya faida unaipata ukiwa na majengo yote manne.

Dhana: anza na bidhaa zinazouzwa sana.

Hizo ndizo zenye faida ndogo, kwa sababu mzigo wake mwingi ni wa mzunguko, na ndizo zinazopandisha gharama ya usafiri zikihamia mbali na mteja. Chukua kipuri ambacho kila ghala huuza wastani wa nusu kipande katika muda wa kusubiri, mahitaji yakija bila mpangilio. Kwa asilimia 95 ile ile, kila ghala linahitaji 2, jumla 8. Pamoja mahitaji ni wastani wa 2, na vipande 5 vinatosha. Hapo kupungua ni kwa mzigo wote, kwa kuwa unaagiza kimoja kimoja na akiba ya mzunguko karibu haipo.

Mkuu wa fedha nimemrudishia bajeti yake. Nimemwomba orodha ya bidhaa zote, kuanzia ile inayouzwa polepole zaidi.