Nyuzi 2.6 hadi 4.8: wigo huu unasema nini hasa

Ripoti ya mwaka 2013 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, inasema kwamba, chini ya hali dhahania ya utoaji mkubwa wa gesi iitwayo RCP8.5, wastani wa joto la dunia katika miaka ya 2081 hadi 2100 utaongezeka kwa nyuzi 2.6 hadi 4.8 za Selsiasi. Niliwahi kuifupisha sentensi hiyo kwa kuandika kwamba kuna uwezekano wa asilimia 90 wa joto kuangukia humo. Mwenzangu aliyepitia rasimu alilikata neno moja tu, "90", na alikuwa na haki.

Nilikuwa nimekosea mahali ambapo kosa ni rahisi kufanyika. Wigo ule umetokana na kuzipanga modeli za kompyuta za tabianchi kuanzia yenye ongezeko dogo hadi yenye ongezeko kubwa, kisha kuchukua sehemu iliyo kati ya asilimia 5 na 95. Hiyo ni asilimia ya modeli, wala si uwezekano wa jambo kutokea. Modeli nyingi zimerithiana vipande vya programu na zinakadiria mawingu kwa mbinu zinazofanana, hivyo zinaweza kukosea kwa pamoja. Ni kama mashahidi waliosimuliwa kisa na mtu mmoja, ambao kukubaliana kwao hakuongezi ushahidi kwa kadiri ya idadi yao. Ndiyo maana waandishi wa ripoti waliupa wigo huo daraja la uhakika lililo chini ya asilimia 90, yaani "likely", ambalo katika msamiati wao lina maana ya uwezekano wa angalau asilimia 66. Daraja hilo huandikwa kwa herufi za mlazo, na msomaji mwenye haraka hulipita.

Halafu kuna hiyo RCP8.5 yenyewe. Namba 8.5 inataja takriban wati 8.5 kwa kila mita ya mraba, yaani nguvu ya ziada ya kupasha joto ifikapo 2100. Ripoti haikusema hali hiyo ina uwezekano gani wa kutokea, kwa hiyo asilimia 66 inahesabiwa baada ya neno "iwapo". Kuna wanaochukua nyuzi 0.3, ambayo ni ncha ya chini ya wigo wa RCP2.6, hali dhahania ya utoaji mdogo wa gesi, wakaiunganisha na 4.8 na kutangaza wigo mmoja wa "sayansi". Hapo wamechanganya tusichokijua kuhusu mwitiko wa tabianchi na kiasi cha hewa ukaa ambacho binadamu wataamua kutoa.

Kipindi cha kulinganishia nacho kitazamwe, ingawa hiki hakina ugumu: ongezeko lile linapimwa kutoka wastani wa miaka ya 1986 hadi 2005, na anayetaka kulinganisha na 1850 hadi 1900 huongeza takriban nyuzi 0.6.

Rasimu yangu hatimaye ilisomeka hivi: "Iwapo utoaji wa gesi utafuata RCP8.5, waandishi wanaona kuna uwezekano wa angalau asilimia 66 kwamba joto la 2081 hadi 2100 litazidi lile la 1986 hadi 2005 kwa nyuzi 2.6 hadi 4.8."