Kanda ya VHS inayotetemeka hainyooshwi kwenye flashi

Wiki iliyopita dada mmoja aliniletea flashi yenye harusi ya wazazi wake. "Fundi, picha inachezacheza, wewe inyooshe tu na kompyuta." Nikamwomba kanda yenyewe. Wameshaitupa, kwa sababu harusi "ipo tayari kwenye flashi". Mwaka huu nimeshayasikia maneno hayo mara nyingi mno, na kila mara roho inaniuma, kwa sababu kilichohitajika kuinyoosha picha ile hakikuwahi kuingia kwenye flashi. Kilibaki kwenye kanda.

Picha ya PAL, mfumo wetu wa zamani, ina mistari 625 na zinapita picha 25 kila sekunde. Kila mstari una mikrosekunde 64, yaani sehemu 64 za milioni ya sekunde. Mwanzoni mwa kila mstari kuna pigo fupi la sinki linalosema "mstari unaanzia hapa". Sasa fikiria deki: ngoma ya hedi inazunguka mara 1500 kwa dakika, kanda ni plastiki nyembamba inayovutika, mpira umechoka. Mstari mmoja unafika mapema kidogo, unaofuata unachelewa kidogo.

TV ya chogo haikujali sana. Mwale wake ulifuata pigo la sinki, kwa hiyo mstari ukichelewa, mwale nao ulisubiri, na macho yako hayakuona kitu. Hapo ndipo watu wanapodanganyika: "Mbona kwenye TV ya mzee ilikuwa safi?" Ilikuwa safi kwa sababu TV ilikuwa inaisamehe deki.

Kadi ya kapcha, ile inayoingiza picha ya deki kwenye kompyuta, inafanya kazi kwa saa yake isiyotetereka, sampuli milioni 13.5 kila sekunde. Inajitahidi kulifuata pigo la sinki, lakini zile za bei rahisi zinalifuata kwa wastani wa mistari mingi, siyo mstari kwa mstari. Piga hesabu: kosa la mikrosekunde moja tu ni pikseli 13 na nusu. Hata robo ya mikrosekunde inausogeza mstari pikseli zaidi ya 3, ndiyo maana ukingo wa mlango unaonekana kama umechorwa na mtu anayetetemeka. Kisha, na hili ndilo ninalolirudia kila siku, kadi ikishamaliza kupima inalitupa lile pigo la sinki. Faili lina rangi na mwanga tu. Programu utakayoiwasha baadaye haina alama ya kuiambia mstari wa 214 ulipaswa kuanzia wapi. Itabaki kukisia, na ikikisia inapinda nyuso.

Dawa ni kuirekebisha saa ya mistari kabla ya kadi. Deki nzuri za S-VHS zina saketi iliyoandikwa TBC: inahifadhi mistari michache kwenye kumbukumbu, inaangalia sinki ya kila mmoja, halafu inaitoa kwa mwendo ulio sawa. Toa picha kwa waya wa S-Video badala ya ule wa njano, hifadhi kwa HuffYUV, namna ya kubana faili bila kupoteza chochote cha picha (tenga gigabaiti 30 hadi 40 kwa saa), na usichanganye nusu-picha mbili zinazounda kila fremu wakati wa kapcha. Hayo sitayarefusha.

Ninalotaka kulirefusha ni kwamba mitetemo haifanani, na wengi wanaouza huduma hii hawajisumbui kuitofautisha. Chukua kanda ya harusi ya 1996 iliyonifikia kutoka Tanga. Nilichagua sekunde 10 ambapo bwana harusi amesimama kando ya fremu ya mlango, nikaikapcha sehemu hiyo mara mbili kwa deki ya kawaida, kisha nikaweka fremu ileile ya kila kapcha bega kwa bega. Kwenye ya kwanza mistari ya katikati ilisogea kulia kama pikseli 5, kwenye ya pili ikasogea kushoto. Mtetemo unaobadilika kila ukicheza ni wa deki, siyo wa kanda. Nikahamia deki yenye TBC, mlango ukanyooka.

Juu ya picha, mistari kama 20 ilikuwa imepinda kama bendera, mpindo uleule kila mara. Huo ulirekodiwa, kwa sababu kanda ile ni kopi ya kopi. TBC ya deki iliupunguza lakini haikuumaliza. Nikaipitisha picha kwenye Panasonic DMR-ES10, mashine ya kurekodi DVD, bila kurekodi chochote, inapita tu kutoka tundu la kuingilia hadi la kutokea. Ule mpindo ukaisha. Gharama yake ni kwamba inalainisha picha, na nyuso zilizo gizani zinapoteza chembechembe zake. Kwa harusi nyingi nakubali gharama hiyo. Kwa kanda yenye picha nzuri sikubali.

Kisha zikaja dakika 4 za mwanzo, zenye majina ya maharusi na maua yanayozunguka. Hapo mlango ulitetemeka vilevile kila mara, na hakuna mashine iliyousaidia. Studio iliyoweka majina ilipitisha kanda kwenye mikisa iliyoondoa sinki ya zamani na kuweka mpya iliyonyooka. Mtetemo ukabaki ndani ya picha, sinki ikawa safi. TBC inaangalia sinki, inaiona nzima, inaipitisha. Niliwaeleza wenye harusi hivyohivyo na sikuwalipisha kwa sehemu hiyo.

Na kuna kanda ambazo TBC ya deki inaziharibu. Sinki ikiwa imechakaa sana, saketi inachanganyikiwa na picha nzima inarukaruka juu na chini. Hapo naizima. Vitabu husema iwashe daima. Mimi naanza nayo ikiwa imewashwa, naangalia dakika 2, na naamua kwa macho. Kuna siku nimeamua vibaya na kurudia kanda nzima.

Jambo la mwisho ni sauti. Kwenye VirtualDub, programu ninayokapchia, angalia namba iliyo mbele ya "Frames dropped". Saa moja ina fremu 90,000. Kadi ikikosa sinki ya picha nzima inaidondosha fremu, lakini sauti inaendelea kurekodiwa. Fremu 50 zikidondoka bila kujazwa, mwisho wa saa picha imeitangulia sauti kwa sekunde 2: bwana harusi ameshafumba mdomo, ndipo unamsikia akisema "nimekubali". Kwenye flashi ya yule dada ndivyo ilivyokuwa. Kuisogeza sauti yote mara moja hakusaidii, kwa sababu fremu zilidondoka hapa na pale. Inabidi kukata na kupanga kipande kwa kipande.

Juzi amenipigia: shangazi yake aliyeko Muskati ana kopi, alitumiwa mwaka uleule wa harusi. Oman nao walitumia PAL, kwa hiyo deki zangu zitaisoma. Nimemwambia shangazi asiichomeke kwenye deki yoyote kwanza. Aishike kwenye mwanga, aangalie kupitia kidirisha cha kaseti kama kuna weupe wa ukungu kwenye ukingo wa kanda, anipigie picha, kisha ndipo tuongee kuhusu kuisafirisha.