Donge la damu la mguuni: linavyoanzia nyuma ya vali na kuishia mapafuni

Mguu mmoja ukivimba na wa pili ukabaki ulivyokuwa, huku kwetu kando ya ziwa neno la kwanza kusemwa ni kwamba baridi imeingia. Maji yanabandikwa jikoni, chumvi inatiwa, na mtu mwenye mikono ya nguvu anaitwa aje akande. Mara nyingi ni msuli tu ulioshtuka na hapaharibiki kitu. Lakini ipo hali moja ambayo kukanda kunaweza kuua, nayo ni donge la damu lililoganda ndani ya vena za ndani za mguu. Nataka kueleza donge hilo linaanzaje, na kwa nini likimeguka hukimbilia mapafuni.

Vena ni mishipa inayorudisha damu moyoni. Zile za kijani unazoziona chini ya ngozi ya mkono si ninazozisemea hapa. Nasemea zile nene zilizojificha kati ya misuli, zinazofuatana na mifupa ya mguu. Damu iliyo kisiginoni ina mlima wa zaidi ya mita moja kufika moyoni, na msukumo wa moyo umekwisha kupungua sana ilipopita kwenye kapilari, mishipa myembamba kuliko yote. Anayeipandisha ni kigimbi. Kila unapopiga hatua, kigimbi kinakaza na kuiminya vena, damu inapanda. Kinapolegea, vali zinafunga ili isirudi chini. Vali hizo ni vijitando viwili vyembamba, kila kimoja kimeshikana na ukuta wa vena kwa namna ya kufanya kijimfuko kilichoelekea juu.

Donge huanzia ndani ya kijimfuko hicho. Watu wengi hudhani ni lazima mshipa uwe umekatika au umegongwa, kumbe sivyo. Ukisimama kwenye daraja la mto Nyando utaona katikati maji yanakimbia, ila pembeni, penye kona, yanazunguka palepale na majani makavu yanazunguka nayo. Nyuma ya vali hali ni hiyohiyo. Mtu akitembea, kila hatua inakifagia kijimfuko na kuleta damu mpya. Akilala saa nyingi bila kusogeza mguu, damu ile ile inabaki humo, na seli zinaendelea kutumia oksijeni yake mpaka inapungua sana.

Utando unaoufunika ukuta wa vena kwa ndani kwa kawaida ni laini na una kemikali zinazoizuia damu kuganda. Ukikosa hewa hubadilika. Unatoa vinato vinavyozinasa seli nyeupe zinazopita, na seli hizo zinaleta juu yake protini ileile inayowasha mgando ukijikata kwa kisu. Kuanzia hapo protini moja ya damu inaiamsha nyingine, mpaka inapatikana thrombini. Kazi ya thrombini ni kuigeuza fibrinojeni, iliyokuwa imeyeyuka ndani ya damu, iwe nyuzi za fibrini. Nyuzi hizo zinasukana kama wavu, na wavu unazinasa seli nyekundu. Ndiyo maana donge la vena ni jekundu lililokoza na laini, rangi yake karibu na ini bichi.

Daktari Mjerumani Rudolf Virchow, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1856, ndiye aliyeonyesha kwamba madonge aliyoyakuta kwenye mishipa ya mapafu ya maiti yalikuwa yametoka kwenye vena za mbali. Hadi leo sababu tatu za damu kuganda ndani ya mshipa zinaitwa kwa jina lake: damu kutulia, ukuta wa mshipa kuathirika, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda kuliko kawaida. Moja peke yake mara nyingi haitoshi. Zinapokutana, mtu yuko hatarini.

Hebu tumwangalie mama mmoja wa mfano, wa Ahero, mwenye umri wa miaka 31, aliyejifungua mtoto wa pili kwa upasuaji. Damu ya mwenye mimba hujiandaa kwa kujifungua kwa kuongeza protini za kugandisha, ili asivuje sana kondo la nyuma litakapotoka. Ni kinga nzuri, ila haiondoki siku mtoto anapozaliwa. Hatari inabaki juu kwa wiki 6 hivi, na wiki za kwanza ndizo kali zaidi. Hiyo ni sababu ya kwanza. Upasuaji wenyewe umeathiri mishipa ya nyonga na kuwasha uvimbe mwilini: ya pili. Kisha kidonda kinamuuma, na watu wa nyumbani wanaompenda wanamwambia alale, asinyanyue hata sufuria. Kigimbi chake kinapumzika siku nzima. Hiyo ni ya tatu.

Siku ya 9 mguu wake wa kushoto unaanza kuuma kwenye kigimbi. Kwamba ni wa kushoto si bahati tu. Ndani ya nyonga, ateri inayokwenda mguu wa kulia inapita juu ya vena inayotoka mguu wa kushoto na kuibana kwenye uti wa mgongo, na wakati wa mimba mfuko wa uzazi unazidisha mbano huo. Kwa wajawazito na waliojifungua, madonge mengi huwa mguu huo.

Vitabu vingi vinasema mguu huwa mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, na nimekuwa nikisikitika kuona watu wakirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Tafuta joto kwa kiganja, na tafuta ukubwa kwa futi ya fundi cherehani. Pima sentimita 10 chini ya kifupa kinachojitokeza chini ya goti, miguu yote miwili. Mama wetu ana sentimita 39 kushoto na 35 kulia. Tofauti ikizidi 3, daktari hulichukua kwa uzito. Hata hivyo vipimo kulingana hakumaanishi kwamba uko salama, maana donge linaweza kukaa bila kuvimbisha mguu kabisa.

Wakati huo donge limekwisha kutoka kwenye kijimfuko chake. Hukua kwa kufuata damu inakoelekea, tabaka juu ya tabaka, kupanda kutoka kigimbi kwenda nyuma ya goti, kisha pajani. Shina lake limeshikamana na ukuta wa vena, lakini mkia wake, ambao ni mpya na laini, unaelea katikati ya damu. Mkia huo ndio unaomeguka. Madonge yaliyobaki kigimbini husafiri mara chache zaidi. Yakishapita goti, hatari inapanda sana, kwa sababu vena ni pana na kipande kinachoweza kung'oka ni kikubwa.

Jioni ya siku ya 10 mama mkwe anamkanda mguu kwa maji moto. Anabonyeza kwa nguvu kutoka kisiginoni kwenda juu, kama alivyofundishwa, kwa mapenzi tu. Asubuhi mama anainuka kwenda msalani. Kigimbi kilicholala kinakaza ghafla, na kipande kinaondoka.

Kinakwenda wapi? Kutoka pajani kinaingia kinenani, kisha tumboni kwenye vena kuu inayopanda kando ya uti wa mgongo. Njia yote hiyo inazidi kupanuka, kama vijito vinavyoingia Nyando na Nyando kuingia ziwani, kwa hiyo hapana mahali pa kukwama. Kinaingia upande wa kulia wa moyo, kinapita chemba ya juu na ya chini, na moyo unakisukuma kwenye ateri ya mapafu. Hapo mambo yanageuka. Anayelijua shamba la mpunga la Ahero anajua maji ya mfereji mkuu yanavyogawanywa kwenye mifereji midogo, na midogo zaidi, mpaka kwenye majaruba. Fungu la nyasi lililoelea bila shida kwenye mfereji mkuu linaziba mdomo wa mfereji mdogo. Ateri ya mapafu hugawanyika hivyohivyo, na ndiyo mishipa ya kwanza inayozidi kuwa myembamba ambayo donge limekutana nayo tangu liondoke mguuni. Ili lifike kwenye ubongo ingebidi lipenye kwenye kapilari za mapafu, na ni kubwa mno kwa hilo. Njia kuu ya kukwepa ni kitundu kati ya chemba mbili za juu za moyo, ambacho kwa baadhi ya watu hakikufunga baada ya kuzaliwa.

Mama anaanza kuhema. Hewa inaingia mapafuni vizuri, ila sehemu iliyozibwa haipati damu ya kuichukua oksijeni hiyo. Kifua kinamchoma anapovuta pumzi, mapigo yanafika 120 kwa dakika, anahisi kizunguzungu. Upande wa kulia wa moyo una kuta nyembamba, umezoea kazi nyepesi; sasa unasukuma dhidi ya kizuizi. Donge likiwa kubwa sana, upande huo unatanuka na kushindwa, na mtu anaweza kuzirai au kufa ndani ya dakika chache.

Hapa ndipo watu hupotea njia. Kifua kikisikilizwa huweza kuwa safi kabisa, na picha ya eksirei ikaonekana ya kawaida. Akiandikiwa dawa ya nimonia au malaria, muda unapita. Mama aliyejifungua karibuni, anayehema ghafla na kifua chake ni safi, aangaliwe miguu kwanza. Mama wetu alipofikishwa hospitalini, kwa bahati nesi wa zamu alifunua shuka.

"Mama, huu mguu umeukanda?" akamuuliza mkwe.

"Jana jioni, nesi. Ni baridi."

"Usiuguse tena, mama yangu. Mwache alale hivyo."

Altrasaundi ndiyo inayothibitisha, na namna yake ni rahisi. Mpimaji anabonyeza taratibu kwa kifaa chake juu ya vena ya paja. Vena yenye damu inayotiririka inalala bapa. Yenye donge inakataa kubonyea. Ya mama yetu ilikataa. Picha ya mishipa ya mapafu yenyewe hupigwa kwa mashine ya siti skani, lakini kwa mgonjwa wa namna hii sindano ya heparini haipaswi kungoja foleni ya mashine hiyo.

Heparini haiyeyushi donge, ingawa wengi huamini hivyo. Inazuia thrombini isiendelee kusuka nyuzi mpya, ili donge lisiongezeke. Anayelivunja ni mwili wenyewe, kwa kimeng'enya kinachoitwa plasmini, polepole, kwa wiki na miezi. Kwa hiyo dawa ya kumeza inaendelea kwa miezi 3 au zaidi hata kama mguu umepona machoni. Akipewa warfarini ataendelea kunyonyesha bila wasiwasi, ila atapimwa damu mara kwa mara, na mboga za majani kama sukuma wiki na kunde azile kwa kiasi kilekile kila wiki, kwa kuwa vitamini K iliyomo inapunguza nguvu ya dawa hiyo.

Ile vali lilikoanzia huenda isipone. Makovu huifanya ishindwe kufunga vizuri, na damu inarudi chini kila anaposimama. Mama huyo anaweza kuwa na mguu wa kushoto unaomlemea jioni kwa miaka, hata baada ya donge lenyewe kwisha.