Kifungo miaka 5 na miaka 3: lini unakaa 5, lini unakaa 8

Kila Wiki ya Sheria tukiweka meza zetu hapa Tabora mjini swali hili haliachi kuja, na mara nyingi anayeuliza ni mama au dada wa mfungwa. Anakwambia kijana wetu alipewa miaka mitano kosa la kwanza na miaka mitatu kosa la pili, tulirudi nyumbani tunajua ni mitano, sasa tumeenda gereza la Uyui kumtembelea, askari magereza anasema kwenye karatasi ni minane, nani kamuongezea? Jibu ni kwamba hakuna aliyemuongezea, hiyo minane ilikuwepo toka siku ya hukumu ila hakuna aliyeisikia kwa sababu ilitokana na kitu ambacho hakimu hakukisema.

Naomba nieleze taratibu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea hata waliosoma.

Mtu akipatikana na hatia ya makosa zaidi ya moja kwenye kesi moja, sheria inataka kila kosa lipewe adhabu yake peke yake. Hakimu haruhusiwi kusema tu "kwa makosa yote mawili nakufunga miaka minane", hiyo ni adhabu ya jumla jumla na Mahakama ya Rufani imeshaikemea mara nyingi, kwa sababu kesho ukikata rufaa ukashinda kosa moja hakuna atakayejua upunguziwe ngapi. Kwa hiyo kosa la kwanza namba yake, kosa la pili namba yake. Baada ya hapo ndio linakuja swali lenyewe, hizo namba zinatembeaje?

Kuna njia mbili. Ya kwanza vifungo vinakwenda pamoja, vyote vinaanza kuhesabiwa siku moja, ni kama abiria wawili wamepanda treni moja hapa Tabora, mmoja anashuka Kaliua mwingine anafika mpaka Kigoma, safari inaisha pale anaposhuka wa mwisho. Miaka mitano na mitatu vikienda pamoja unakaa mitano. Njia ya pili ni vifungo kufuatana, cha kwanza kiishe ndio cha pili kianze, hapo mitano na mitatu inakuwa minane.

Sasa shika hapa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwenye kile kifungu ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 168, inasema vifungo vitafuatana ISIPOKUWA mahakama imeagiza viende pamoja. Yaani kufuatana ndio kawaida ya sheria na kwenda pamoja ndio kunahitaji kutamkwa. Hakimu akinyamaza, vinafuatana. Gereza wanasoma hati ya kifungo kama ilivyoandikwa, hawana mamlaka ya kukuhurumia wala kukisia hakimu alikuwa anamaanisha nini. Mtaani imani ni kinyume kabisa, watu wanadhani vifungo vinakwenda pamoja vyenyewe kwa sababu hukumu nyingi wanazosikia zinaisha na maneno "adhabu zitakwenda kwa pamoja", kumbe yale maneno ndiyo yanayofanya kazi yote, yakikosekana hesabu inabadilika.

Tuchukue mfano wa kutunga ili tuone hesabu. Kijana mmoja kavunja nyumba usiku Kanyenye, kaingia ndani kabeba sola na redio. Hati ya mashtaka itakuwa na makosa mawili: kuvunja nyumba usiku na kuingia kwa nia ya kutenda kosa, halafu wizi. Kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ukomo wa kuvunja nyumba ya kuishi usiku ni miaka 20, na wizi wa kawaida ukomo wake ni miaka 7. Huo ni ukomo tu, juu kabisa, sio kwamba kila mtu anapewa hiyo. Hakimu anampa mitano kwa kuvunja na mitatu kwa wizi.

Hapa tukio ni moja. Alivunja ili aibe, usiku uleule, nyumba ileile, aliyeumia ni mwenye nyumba yuleyule. Msimamo wa mahakama zetu kwa miaka mingi ni kwamba makosa yaliyotendeka kwenye tukio moja, adhabu zake ziende pamoja, labda kuwe na sababu ya kipekee na hiyo sababu iandikwe kwenye hukumu. Ni msimamo wa haki kabisa kwa maoni yangu, kwa sababu ukimfunga mitano kwa kuvunja halafu ukamuongeza mitatu kwa kuchukua kile alichovunjia, unakuwa kama unamwadhibu mara mbili kwa usiku mmoja. Kwa hiyo huyu atakaa miaka mitano, ilimradi hakimu aliyatamka yale maneno.

Ila sasa tuseme wiki mbili baadaye kijana huyohuyo akavunja nyumba nyingine Isevya, akakamatwa, na polisi wakaweka yote kwenye hati moja. Inaruhusiwa, makosa ya aina moja yanayofuatana yanaweza kuunganishwa. Sasa ana makosa manne. Kanyenye mitano na mitatu, Isevya hakimu kampa minne kwa kuvunja na miwili kwa wizi. Hakimu akinyamaza jumla ni miaka 14. Akisema yote yaende pamoja ni mitano. Na kuna njia ya katikati ambayo watu wengi hawajui kama ipo, hakimu anaagiza adhabu za Kanyenye ziende pamoja zenyewe kwa zenyewe, za Isevya nazo pamoja zenyewe kwa zenyewe, halafu kundi la pili lifuate la kwanza. Hapo ni mitano kujumlisha minne, miaka tisa. Kijana ni yuleyule na makosa ni yaleyale ila majibu yapo matatu, 5, 9 na 14.

Kwa nini nyumba ya pili isiende tu pamoja na ya kwanza? Kwa sababu yule wa Isevya naye ni mtu kamili, kavunjiwa mlango wake, watoto wake wamelala na hofu. Vifungo vyote vikienda pamoja hapo, ile nyumba ya pili inakuwa ya bure, na mwizi mzoefu anajua hesabu hiyo vizuri kuliko mimi na wewe. Vilevile kuna matukio yanaonekana ni moja lakini yana madhara mawili tofauti, mfano mwizi anakimbizwa anamkata panga mgambo ili atoroke, hapo hakimu anaweza kabisa kuona kumjeruhi mgambo hakukuwa sehemu ya wizi na akaagiza kifuate, sababu ikiandikwa huwezi kumlaumu.

Lakini hata vikifuatana kuna breki moja nayo ni jumla. Hakimu akimaliza kujumlisha anatakiwa aiangalie ile namba ya mwisho na kujiuliza, je, kwa yote aliyofanya huyu mtu, miaka 14 inamstahili? Ni mkosaji wa mara ya kwanza? Alikiri mapema akaokoa muda wa mahakama? Vitu vilipatikana? Kama jumla imezidi uzito wa alichofanya, anaweza kuamuru baadhi viende pamoja au apunguze namba za kosa mojamoja kabla ya kujumlisha. Isipokuwa pale ambapo sheria yenyewe imeweka kiwango cha chini, hapo hawezi kushuka. Unyang'anyi wa kutumia silaha kwa mfano ni miaka 30 kwenda juu, hakimu hana pa kushukia. Walioporwa wakiwa wawili usiku mmoja na yakawa makosa mawili, ni thelathini na thelathini. Vikienda pamoja ni 30. Hakimu akinyamaza ni 60, sasa wewe ona sentensi moja ya hakimu ina uzito gani.

Hali nyingine ni ya mtu ambaye tayari anatumikia kifungo halafu analetwa mahakamani kwa kesi tofauti. Hiyo ipo kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 36 na utaratibu ni uleule, kipya kinasubiri cha zamani kiishe mpaka mahakama iagize vinginevyo. Ila angalia hesabu, watu wanakosea hapa. Umebakiza mwaka mmoja wa kifungo cha zamani, leo umepewa miwili vikaagizwa viende pamoja, haina maana kile kipya kimemezwa chote. Kinaanza leo, mwaka mmoja vinatembea wote, mwaka wa pili unaumalizia chenyewe. Unatoka baada ya miaka miwili badala ya mitatu.

Na muda wa mahabusu je? Kifungo kinaanza kuhesabiwa siku kilipotolewa, ila sheria inataka mahakama izingatie muda ambao mtu alikaa mahabusu wakati inapanga hiyo adhabu. Kama kijana wenu kakaa Uyui au Bangwe kule Kigoma miezi kumi akisubiri kesi, hiyo miezi kumi itajwe.

Itajwe lini? Kwenye shufaa, yaani ule muda baada ya hakimu kusema nakutia hatiani na kabla hajatamka adhabu. Upande wa mashtaka unaulizwa kama kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma, halafu mshtakiwa anaulizwa ana la kusema. Nimekaa kwenye mahakama hizi nikaona watu wasio na wakili wanajibu "naomba mahakama inihurumie, nina familia" basi wamekaa. Familia sawa, sema, lakini sema na haya: nimekaa mahabusu miezi kadhaa, ni kosa langu la kwanza, na makosa haya yalitokea kwa wakati mmoja kwa hiyo naomba adhabu ziende kwa pamoja. Hakimu anatakiwa aandike ulichosema kwenye jalada, na kikiwa kwenye jalada, ukikata rufaa jaji atakisoma.

Akimaliza kusoma adhabu na hujasikia neno pamoja wala kufuatana, nyoosha mkono palepale uombe kwa heshima ufafanuzi, au ndugu amwone karani siku hiyohiyo aombe nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Linganisheni na hati ya kifungo iliyokwenda gerezani. Hukumu ikisema pamoja halafu hati ikawa kimya, hilo ni kosa la kuandika, mpelekeeni hakimu au mkuu wa gereza lirekebishwe. Hukumu yenyewe ikiwa kimya, hapo dawa ni rufaa, na mtu anaruhusiwa kukata rufaa ya adhabu tu bila kupinga kutiwa hatiani. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi unaenda Mahakama Kuu, Kanda ya Tabora au ya Kigoma. Kusudio la kukata rufaa linatolewa ndani ya siku 10 toka siku ya hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ukitoa zile siku ulizokuwa unasubiri nakala. Aliyeko ndani halazimiki kutafuta mtu wa nje wa kumpelekea, anakabidhi karatasi zake kwa mkuu wa gereza na gereza ndilo linazifikisha mahakamani, ila ahakikishe tarehe aliyozikabidhi imeandikwa.